Milioni 1.2 zilizolala kwenye matangi: daraja la faida la kiwanda cha mafuta ya nazi Malindi

Kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya nazi hapa Malindi kilifunga mwaka 2022 kikiwa na faida ya uendeshaji ya shilingi milioni 6. Mwaka 2023 faida hiyo ikawa milioni 5.67. Katika muda huo huo mauzo yalipanda kutoka milioni 50.4 hadi karibu milioni 57.9. Mwenye kiwanda, mzee aliyeanza na biashara ya nazi tangu ujana wake, alinikabidhi hesabu zilizokaguliwa akaniuliza: "Mwanangu, tumeuza zaidi, na bei tumepandisha. Hela zimekwenda wapi? Nionyeshe bila kunizungusha."

Hesabu zenyewe hazikuwa na jibu. Zinaweka mwaka huu kando ya mwaka jana, mstari kwa mstari. Ukitazama mstari wa malighafi unaona umepanda, basi. Humo ndani kuna lita zilizoongezeka, bei ya kilo iliyopanda, na kilo nyingi zaidi zilizoingia kwenye kila lita. Mambo hayo matatu hayana mwenyewe mmoja wala dawa moja, lakini hesabu zimeyafunga katika fungu moja.

Kinachoyafungua ni daraja la faida, ambalo huchorwa kama chati ya maporomoko. Kushoto inasimama nguzo ya faida ya mwaka wa kwanza, kulia nguzo ya faida ya mwaka wa pili. Katikati kuna vipande vinavyoning'inia: kila kimoja kinaanzia pale kilipoishia kilichotangulia, kikipanda au kushuka kwa kiasi ambacho sababu moja imeongeza au imepunguza faida. Ukifika kipande cha mwisho, lazima uwe umetua juu ya nguzo ya kulia bila kubaki na shilingi. Kuchora ni kazi ya dakika chache. Kazi nzito ni kuamua kila kipande kibebe nini, na hapo ndipo madaraja mengi ninayoletewa yanapopotoka.

Namba za kiwanda hiki nimezibadilisha ili kisitambulike, na nimezifanya ziwe nyepesi kufuatwa kwa kalamu na karatasi. Kisa chenyewe sikukigusa.

Kiwanda kinauza mafuta ya aina moja kwa njia mbili. Kuna chupa za lita moja zinazokwenda madukani, na kuna madumu ya lita 20 yanayokwenda kwenye hoteli na kwa watengenezaji wa sabuni. Mwaka 2022 kiliuza lita 60,000 za chupa kwa shilingi 500 kila lita, na lita 60,000 za madumu kwa shilingi 340. Kila lita ilikula kilo 1.7 za mbata, yaani nazi iliyokaushwa, kwa shilingi 100 kilo, jumla shilingi 170. Vifungashio na umeme vilikuwa shilingi 60 kwa lita ya chupa na 30 kwa lita ya dumu. Kwa hiyo lita ya chupa ilibakisha shilingi 270 na ya dumu 140. Hicho kinachobaki baada ya kulipa gharama za lita yenyewe ndicho wahasibu tunachokiita mchango, kwa kuwa ndicho kinachochangia kulipa mishahara, kodi ya jengo na mlinzi wa usiku, kisha kikizidi kinakuwa faida. Jumla ya mchango wa mwaka ilikuwa milioni 24.6. Gharama za kudumu zilikuwa milioni 18.6, ikabaki milioni 6. Mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, huuzwa kwa wafugaji, na kwa kuwa mapato yake hayakubadilika sana nimeyaacha ndani ya hizo gharama za kudumu, yakizipunguza miaka yote miwili.

Mwaka 2023 chupa zilishuka hadi lita 54,000, madumu yakapanda hadi lita 81,000. Bei ya chupa ikawa 540, ya dumu 355. Mbata ikafika shilingi 110 kilo, na kila lita ikala kilo 1.8.

Tuanze na kiasi. Lita zilizouzwa zimetoka 120,000 hadi 135,000, nyongeza ya lita 15,000. Katika rasimu ya kwanza niliyoletewa na idara ya mauzo, lita hizo zilikuwa zimezidishwa kwa bei ya wastani ya mwaka jana, shilingi 420, wakapata kipande cha kijani cha milioni 6.3. Pembeni yake kikasimama kipande chekundu kikubwa kilichoandikwa "gharama." Ukiutazama mchoro huo utasema watu wa mauzo wamefanya miujiza na watu wa kiwandani wameimwaga faida. Si kweli. Lita ya ziada haiji na bei yake peke yake. Inakuja na mbata yake, chupa yake na umeme wake. Kama lita 15,000 hazikuuzwa, mbata yake isingenunuliwa. Kwa hiyo kipande cha kiasi hupimwa kwa mchango: shilingi 205 kwa lita, wastani wa 2022, mara 15,000, sawa na milioni 3.075. Ni chini ya nusu ya kile kilichochorwa.

Shilingi 205 ni wastani wa chupa na dumu zikiwa nusu kwa nusu, na mwaka 2023 hazikuwa nusu kwa nusu tena. Chupa zilikuwa asilimia 40 tu. Hapo kinazaliwa kipande cha pili, cha mchanganyiko wa bidhaa. Chukua lita za 2023 jinsi zilivyouzwa, uzipe michango ya zamani: 54,000 kwa 270 na 81,000 kwa 140. Unapata milioni 25.92. Kama mchanganyiko usingebadilika, lita 135,000 kwa 205 zingeleta milioni 27.675. Tofauti ni milioni 1.755, na inashuka.

Kipande hiki ndicho kinachofichwa kuliko vyote, mara nyingi bila nia mbaya, kwa kuwa ukipima kiasi kwa kila bidhaa peke yake na kujumlisha, mchanganyiko unamezwa ndani ya kiasi na unabaki na kipande kimoja cha milioni 1.32. Hesabu ni sahihi lakini habari imepotea. Kiwandani hapa maofisa wa mauzo walikuwa wakilipwa kamisheni kwa lita. Lita ya dumu iliwalipa sawa na lita ya chupa, na kuuza madumu 50 kwa mwenye sabuni mmoja Mombasa ni rahisi kuliko kuzungukia maduka 40 kutoka Mambrui hadi Watamu. Walifanya walichokuwa wakilipwa kufanya. Mzee alipokiona kipande hicho kimesimama peke yake hakuhitaji maelezo marefu; aliuliza kamisheni imeandikwaje.

Kisha bei. Shilingi 40 zaidi kwa lita 54,000 za chupa ni milioni 2.16. Shilingi 15 zaidi kwa lita 81,000 za dumu ni milioni 1.215. Jumla milioni 3.375, inapanda. Hapa kuna jambo la kanuni lazima lisemwe. Mabadiliko ya bei nimeyazidisha kwa lita za mwaka mpya. Ningeyazidisha kwa lita za mwaka wa zamani ningepata milioni 3.3, na hizo 75,000 zinazobaki zingetafuta pa kukaa, maana zimezaliwa na bei na lita kwa pamoja. Hakuna sheria ya uhasibu inayosema zikae wapi. Kinachotakiwa ni kuchagua utaratibu mmoja, kuuandika chini ya chati, na kuufuata mwaka hadi mwaka. Anayebadilisha utaratibu kila mwaka anaweza kukipamba kipande chochote anachotaka bila kudanganya katika namba hata moja.

Tena, vipande hivi viwili, mchanganyiko na bei, huenda ni ndugu. Chupa zilipungua lita 6,000 mwaka ule ule ambao bei yake ilipanda kutoka 500 hadi 540. Tukisema kupungua kote kulitokana na bei, basi kupandisha bei kulileta milioni 2.16 na kukafukuza lita 6,000 zilizokuwa zikibakisha 270 kila moja, yaani milioni 1.62. Faida halisi ya uamuzi ule inabaki shilingi 540,000, si milioni 2.16. Daraja haliwezi kukuambia ni kiasi gani cha lita 6,000 kilifukuzwa na bei na kiasi gani kilipotea kwa kuwa maofisa hawakwenda madukani. Linatenganisha hesabu, halitenganishi sababu. Ili kujua nilimwomba msimamizi wa mauzo daftari la oda kwa mwezi na kwa duka. Maduka mengi yalikuwa yamepunguza oda miezi kadhaa kabla bei haijapanda, na hilo likaelekeza kidole kwenye matembezi zaidi ya bei.

Sasa mbata, ambako nilikaa muda mrefu zaidi.

Gharama ya mbata kwa lita ilitoka 170 hadi 198, nyongeza ya shilingi 28, na kwa lita 135,000 hiyo ni milioni 3.78. Bei ya kilo ilipanda kwa shilingi 10. Kilo kwa lita ziliongezeka kwa 0.1. Kwa desturi, mabadiliko ya bei hupimwa kwa kilo zilizotumika kweli: 1.8 mara 10 mara 135,000, sawa na milioni 2.43. Matumizi hupimwa kwa bei ya zamani: 0.1 mara 100 mara 135,000, sawa na milioni 1.35. Sababu ya desturi hiyo ni ya haki. Fundi wa mashine hana mkono katika bei ya sokoni, hivyo kilo alizozidisha zihesabiwe kwa bei ya zamani, na mnunuzi abebe mabadiliko yote ya bei.

Ukiandika juu ya kipande cha milioni 1.35 neno "mavuno ya mashine," kama ilivyokuwa imeandikwa, macho yote mkutanoni yanamgeukia fundi. Yaligeuka kweli. Meneja akaanza kuzungumzia mashine mpya. Fundi hakubishana, alisema tu: "Mashine haina neno. Nileteeni mbata kavu."

Nikaomba matumizi ya mbata kwa mwezi. Hadi Septemba kila lita ilikuwa ikila kilo 1.7 na ushei, karibu sawa na mwaka uliotangulia. Kuanzia Oktoba ikapanda ghafla, na hadi Desemba ilikuwa inakaribia kilo 2. Mashine inayochakaa haifanyi hivyo. Inaharibika polepole, mwezi baada ya mwezi. Kilichotokea Oktoba kila mtu wa Pwani anakikumbuka: mvua za El Nino, zilizonyesha hadi Desemba, Sabaki ikafurika, na watu wa Tana River wakahama makwao. Mbata ya wakulima wetu wengi hukaushwa juani. Jua likikosekana, inaletwa na maji yake.

Mbata iliyokauka vizuri inabaki na unyevu wa karibu asilimia 6. Ukiichukua mkononi na kuikunja inakatika kwa sauti. Fundi alinipeleka ghalani akafungua magunia ya Novemba yaliyokuwa yamebaki. Akachukua kipande akakikunja, kikapinda kama ngozi bila kukatika, na ndani ya bakuli lake kulikuwa na ukungu wa kijani. Kiwanda hununua kwa kilo. Mbata yenye unyevu wa asilimia 15 imebeba, katika kila kilo 100, karibu kilo 9 za maji zaidi ya ile kavu, na maji hayo yamelipiwa shilingi 110 kilo. Juu ya hayo, mbata mbichi huteleza ndani ya mashine badala ya kusagika, mafuta yakabaki kwenye mashudu. Ndiyo maana mashudu ya miezi hiyo ukiyafinya yaliacha mng'ao kwenye vidole.

Kwa hiyo kipande kilichoitwa mavuno ya mashine kilikuwa, kwa sehemu kubwa, bei iliyojificha. Bei ya mbata kavu haikupanda kutoka 100 hadi 110 tu katika miezi ile. Ilipanda zaidi, ila nyongeza ilikuja kwa sura ya maji. Nilikibadilisha jina kikawa "kilo za mbata kwa lita," jina lisilomtuhumu mtu, na chini yake nikaweka mstari mmoja unaosema ongezeko lilianza Oktoba. Mashine mpya ikaondolewa kwenye bajeti. Mahali pake mzee akaidhinisha kipima unyevu cha mkononi getini, na kanuni ya kukata uzito kwa kila asilimia inayozidi 6. Kwa watu wa kiwandani nasisitiza: kabla ya kukipa kipande cha mavuno mwenyewe, kigawe kwa miezi. Kikipanda polepole, tazama mashine. Kikiruka, tazama kilichoingia getini.

Vifungashio na umeme nitapita haraka. Chupa ilipanda shilingi 10 kwa lita na dumu shilingi 5, jumla shilingi 945,000. Plastiki inafuata dola, na dola ilianza 2023 kwenye shilingi 123 hivi ikamaliza karibu na 157. Hapa hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Gharama za kudumu zilipanda milioni 1.5, kutoka 18.6 hadi 20.1. Ndani yake mna nyongeza za mishahara, michango ya mwajiri kwa NSSF iliyopanda kuanzia Februari 2023, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 upande wa mwajiri, na dizeli ya jenereta baada ya kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai. Riba ya mkopo wa benki haimo, wala haipaswi kuwemo, kwa kuwa daraja hili ni la faida ya uendeshaji. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vya zamani havikuifafanua faida hiyo hata kidogo. IFRS 18, kilichotolewa Aprili 2024, kitailazimisha iwe jumla ndogo yenye mipaka kuanzia miaka ya hesabu inayoanza Januari 2027. Hadi hapo, kila kiwanda kiandike chenyewe imeishia wapi na kisisogeze mpaka.

Tujumlishe tulikofika. Kutoka milioni 6, tumepanda kwa kiasi, tumeshuka kwa mchanganyiko, tumepanda kwa bei, tumeshuka kwa mbata mara mbili, vifungashio na gharama za kudumu. Tunatua kwenye milioni 4.47.

Hesabu zilizokaguliwa zinasema 5.67.

Upungufu huu wa milioni 1.2 ndio uliokuwa umewashinda waliochora daraja kabla yangu, na walikuwa wameufunika kwa kipande kilichoandikwa "mengineyo." Kipande cha "mengineyo" kikizidi vile vyenye majina, daraja halijakamilika. Hiki kilikuwa kikubwa kuliko kipande cha vifungashio, na zaidi kidogo ya moja ya tano ya faida yote iliyotangazwa.

Jibu lilikuwa uani, ndani ya matangi. Mwaka 2022 kiwanda kilikamua kile kilichouzwa, stoki ikaanza na kumaliza karibu na sifuri. Mwaka 2023 kilikamua lita 150,000 kikauza 135,000. Lita 15,000 zilibaki. Hesabu za viwandani, kwa mujibu wa IAS 2, kiwango cha uhasibu kinachohusu stoki, haziachi gharama za kudumu za uzalishaji zote zipite kwenye mwaka. Sehemu yake hupakwa kwenye kila lita iliyozalishwa, kwa kugawanya na uwezo wa kawaida wa kiwanda, na lita ambayo haijauzwa hubaki na sehemu yake kwenye mizania. Gharama za kudumu za uzalishaji zilikuwa milioni 12, uwezo wa kawaida lita 150,000, hivyo shilingi 80 kwa lita. Lita 15,000 mara 80 ni milioni 1.2. Fedha hizo zilitumika 2023: mishahara ya wakamuaji ililipwa, kodi ya jengo ililipwa. Ila hazikuhesabiwa kuwa gharama za 2023. Zimehifadhiwa ndani ya thamani ya mafuta yaliyoko tangini, zikisubiri mafuta yauzwe.

Sitaki mtu aelewe kwamba mkaguzi amekosea au kwamba kuna mtu ameficha kitu. Kanuni ina busara yake: gharama ya kutengeneza mafuta yatakayouzwa mwakani ilingane na mauzo ya mwakani. IAS 2 yenyewe ina breki pia: uzalishaji ukishuka huruhusiwi kuipakia kila lita gharama kubwa zaidi, na ukipanda kupita kawaida lazima kiwango kwa lita kishushwe ili stoki isizidi gharama yake. Lakini mwenye kiwanda anayesoma milioni 5.67 anadhani ameteleza kidogo tu, shilingi 330,000. Biashara ya kuuza mafuta ilishuka kwa milioni 1.53, robo nzima ya faida ya 2022. Tofauti hiyo imezalishwa na kukamua kuliko kuuza. Meneja wa kiwanda mwenye bonasi inayofuata faida anaweza kuipandisha faida ya Desemba kwa kuongeza zamu moja ya usiku, bila kuuza hata chupa moja.

Kwa hiyo daraja la kiwanda, tofauti na la duka au la hoteli, lazima liwe na kipande cha stoki, na mimi hukiweka cha mwisho kabisa, baada ya jumla ndogo. Hivi ndivyo la kiwanda hiki lilivyokaa, kwa milioni za shilingi:

```
Faida ya uendeshaji 2022          6.000
Kiasi (kwa mchango)              +3.075
Mchanganyiko wa bidhaa           -1.755
Bei ya kuuzia                    +3.375
Bei ya mbata                     -2.430
Kilo za mbata kwa lita           -1.350
Vifungashio na umeme             -0.945
Gharama za kudumu                -1.500
Faida kabla ya stoki              4.470
Gharama zilizobaki kwenye stoki  +1.200
Faida ya uendeshaji 2023          5.670
```

Nilipomwonyesha mzee, kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa tatu kutoka chini. "Hii ndiyo faida yetu?" Nikamjibu, "Hii ndiyo faida ya tuliyoyauza, mzee. Ile ya chini inahesabu na tuliyoyaweka." Akauliza mafuta ya tangini yana umri gani. Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Wateja wa hoteli hawapokei mafuta yaliyoanza kunuka, na mafuta yaliyokamuliwa kutoka mbata yenye ukungu huanza kunuka mapema. Sehemu kubwa ya stoki ilikuwa ya Novemba na Desemba.

Kuhusu kuchora. Excel tangu toleo la 2016 ina chati ya `Waterfall`. Weka namba, kisha bofya nguzo za mwanzo, jumla ndogo na mwisho uchague `Set as total`, la sivyo zitaning'inia juu ya nyingine kama vipande vya kawaida. Mwenye toleo la zamani atumie nguzo zilizopandana na kuifanya ya chini isionekane. Ikiwa mabadiliko yako safu ya B na jumla inayoendelea iko safu ya D, safu tatu za kuchora ni hizi: msingi usioonekana, kupanda, kushuka.

```
=MIN(D2,D3)
=MAX(B3,0)
=MAX(-B3,0)
```

Njia hii inavunjika pale jumla inayoendelea inapopita chini ya sifuri, yaani kiwanda kilichotoka faida kikaingia hasara. Vipande hukaa mahali pasipo pake na hakuna onyo lolote, kwa hiyo kiwanda cha namna hiyo kitumie chati iliyojengwa ndani ya programu. Mhimili wa wima nao uanze sifuri. Niliona toleo la chati hii lililoanzia milioni 4: nguzo ya 4.47 ilionekana kijiti, ile ya 6 ikawa mnara unaoizidi zaidi ya mara nne, wakati kweli ni kupungua kwa robo. Kama vipande ni vidogo mno kuonekana, viunganishe vinavyofanana, usikate mhimili.

Daraja la 2024 tayari lina kipande kimoja kinachojulikana. Zile lita 15,000 zikiuzwa na stoki ikarudi sifuri, milioni 1.2 itatoka kwenye mizania na kuingia kwenye gharama za mwaka huo, na kwa kuwa 2023 ilibebwa na milioni 1.2 hiyo hiyo, kipande cha stoki kati ya miaka miwili kitakuwa kushuka kwa milioni 2.4. Biashara ikibaki vile vile kabisa, lita kwa lita na shilingi kwa shilingi, faida iliyotangazwa itatoka 5.67 hadi 3.27. Niliandika hilo kwa kalamu pembeni ya chati kabla ya kutoka ofisini, na meneja akaomba muda apange upya ratiba ya kukamua ya robo ya kwanza.